Uchaguzi wa Mfano Darasani: Maswali Wanayouliza Walimu wa Sekondari Mara kwa Mara

Mpango unaoelezwa hapa ni wa darasa la wanafunzi 48, wagombea watatu na vipindi vinne vya dakika 40, ambapo viwili vya mwisho vimeunganishwa. Darasa lako likiwa dogo au kubwa zaidi, badilisha idadi ila usibadilishe mtiririko. Uzito tumeuweka kwenye siku ya kura na kuhesabu, kwa kuwa ndipo masomo mengi ya aina hii yanapoharibika.

Wanafunzi wachague nini hasa? Tumchague kiongozi halisi wa darasa?

Afadhali msichague. Kura ikiwa ya kumpata kiranja wa kweli, wanafunzi wataacha kuangalia utaratibu na watashughulika na nani anapendwa na nani hapendwi. Aliyepata kura mbili atabaki na kura zake mbili mpaka mwisho wa mwaka. Buni nafasi ya muda, kwa mfano "msimamizi wa kipindi cha maktaba kwa wiki mbili," au wapeni wagombea swali moja la kugombania: saa ya mwisho ya Ijumaa itumike kwa nini?

Wagombea wasimame kwa alama, si kwa vyama. Katika maelezo haya tutawaita Kobe, Tausi na Nyuki. Alama zozote zinafaa, mradi zisifanane na za vyama halisi na zisielekee kabila, dini wala kijiji cha mtu. Ahadi nazo ziwe za mambo ambayo shule inaweza kuyatekeleza. Mgombea akiahidi kufuta mitihani, mwulize mbele ya wote ni nani mwenye mamlaka ya kuifuta. Swali hilo moja linafundisha mengi kuhusu ahadi za kampeni.

Vipindi vinne vinagawanywaje?

Kipindi cha kwanza ni cha kuunda tume na kuandika kanuni. Tume ina watu saba: msimamizi wa kituo, karani wa daftari, karani wa karatasi za kura, mlinzi wa sanduku, mwongoza foleni na makarani wawili wa kujumlisha. Kila mgombea anakuwa na timu ya watu wanne, mmoja wao akiwa wakala atakayekaa kituoni. Waliobaki ni wapiga kura wa kawaida, na wawili kati yao wawe waangalizi wenye daftari la kuandika wanachokiona. Wote, tume na wagombea wakiwemo, wamo kwenye daftari la wapiga kura.

Kipindi cha pili ni kampeni. Cha tatu na cha nne, yaani dakika 80 mfululizo, zinagawanyika hivi: dakika 10 za kuandaa kituo, 25 za kupiga kura, 5 za kulinganisha idadi ya karatasi, 15 za kuhesabu, 10 za malalamiko na kutangaza, na 15 za mjadala. Ratiba yako isipokuruhusu kupata vipindi viwili mfululizo, pigeni kura siku moja na mhesabu kesho yake, lakini sanduku lilale limefungwa kwa gundi ya karatasi yenye saini za mawakala wote. Kusema kweli, hata kulihifadhi sanduku usiku kucha ni somo lenye faida yake.

Kampeni iruhusiwe kufika wapi?

Weka mipaka inayolingana kwa wote: bango moja la karatasi ya manila, hotuba ya dakika mbili, na maswali matatu kutoka darasani kwa kila mgombea. Mpangilio wa kuzungumza upatikane kwa kura ya bahati nasibu. Kampeni inafungwa mwisho wa kipindi cha pili, na mabango yanatolewa chumbani kabla kura hazijaanza kupigwa.

Pasipokuwa na kitu cha kuvunja kanuni, kanuni zinabaki maneno ubaoni. Kwa hiyo mpe kwa siri mtu mmoja wa timu mojawapo kikaratasi chenye maagizo: "Wakati wa mapumziko, waahidi wanafunzi watatu kwamba utawafanyia zamu yao ya usafi wakikupigia kura, na uwaombe wakuonyeshe ushahidi." Usiwaambie wengine. Sharti la kuonyesha ushahidi ndilo lenye maana, kwani litakuonyesha kama kura yako ya siri ni ya siri kweli. Mwishoni mwa mjadala, utangaze kwamba maagizo yalitoka kwako, mwanafunzi huyo asibaki na jina baya.

Karatasi ya kura itengenezwe vipi?

Karatasi moja ya A4 inakatwa vipande vinne. Kwa wapiga kura 48 tengeneza karatasi 60, yaani A4 kumi na tano. Zile za ziada ni za watakaokosea. Kila karatasi iwe na alama za wagombea, majina yao, na kisanduku tupu mkabala na kila jina. Nani aanze juu? Pigeni bahati nasibu, maana wapo wanaotia alama kwa wa kwanza bila kusoma zaidi.

Pembeni acha kishina chembamba chenye namba, 1 hadi 60, na utie mistari ya nukta ili kichanike kwa urahisi. Namba isiandikwe popote kwenye sehemu itakayoingia sandukuni. Ikiandikwa, karani aliyegawa karatasi kwa kufuata daftari ataweza kujua nani alimpigia nani, na siri imekwisha.

Kwenye kituturi, yaani sehemu ya faragha ya kutilia alama karatasi ya kura, kuwe na kalamu moja tu ya wino wa bluu, imefungwa kwa uzi. Kalamu za rangi nene hupenya mpaka upande wa pili, na kalamu ya mtu mwenyewe hutambulika. Wapiga kura waweke alama ya vema tu, wala wasiandike neno lolote, kwa sababu ndani ya darasa moja mwandiko unajulikana haraka.

Sanduku na kituturi tutavitoa wapi?

Boksi la kawaida linatosha. Tundu liwe na urefu wa sentimita 9 na upana wa nusu sentimita: robo ya A4 iliyokunjwa mara moja kwa upana itapita, mkono hautapita. Kituturi ni boksi lililokatwa upande mmoja na kuwekwa juu ya meza, uwazi wake ukielekea ukutani. Kosa linalojirudia ni kukiweka kituturi uwazi wake ukielekea dirishani. Mpiga kura anajificha kwa wenzake walio darasani huku anaonekana na walio nje.

Viwekwe viwili. Mpiga kura mmoja hukaa kituturini kama sekunde 45, hivyo kwa kituturi kimoja watu 48 watakula dakika 36. Vikiwa viwili ni dakika 18. Cha tatu hakiongezi kasi kubwa, kwani meza ya daftari nayo inatumia sekunde 20 kwa kila mtu, na hapo tayari ni dakika 16.

Kura inapigwaje, hatua kwa hatua?

Kabla ya kuanza, msimamizi anageuza sanduku juu chini mbele ya mawakala ili waone ni tupu, analifunga kwa gundi ya karatasi, na mawakala wanatia saini juu ya mfungo. Karani wa karatasi anahesabu kwa sauti karatasi 60 na idadi inaandikwa kwenye fomu.

Mpiga kura anafika kwa karani wa daftari, anataja jina, jina linapigiwa mstari na kidole kinatiwa doa la wino. Anapewa karatasi moja yenye kishina, na karani anaandika namba ya kishina kwenye kipande kidogo anachompa mlinzi wa sanduku. Anaingia kituturini peke yake, anatia alama, anakunja, anatoka na kwenda moja kwa moja kwenye sanduku. Hapo mlinzi anasoma namba ya kishina bila kufungua karatasi, anaona kama ndiyo ile iliyotolewa, anakichana kishina, kisha mpiga kura mwenyewe anaitumbukiza kura. Mlinzi haigusi tena. Kishina na kipande cha namba vyote vinatupwa kwenye bahasha moja, vimechanganywa.

Aliyekosea anarudisha karatasi kabla haijaingia sandukuni na kupewa nyingine. Ile ya kwanza inakatwa kona na kuwekwa kwenye bahasha ya zilizoharibika. Hii ni tofauti na kura itakayokataliwa wakati wa kuhesabu, na wanafunzi huvichanganya vitu hivi viwili kila mara: iliyoharibika haikuingia sandukuni, iliyokataliwa iliingia.

Kishina cha namba ni cha kazi gani? Si ni kusumbua watoto tu?

Bila kishina, kura inaweza kununuliwa na mnunuzi akawa na uhakika wa alichonunua, hata kama kituturi kimefunikwa pande zote. Mbinu yenyewe ni ya zamani. Mtu wa kwanza anachukua karatasi yake, hatumbukizi, anatoka nayo mfukoni ikiwa tupu. Mnunuzi aliyesubiri nje anaitia alama anayoitaka na kumkabidhi mtu wa pili. Huyo anaingia, anapewa karatasi yake safi, anatumbukiza ile iliyokwisha kutiwa alama na kutoka na hiyo safi kama ushahidi. Mnunuzi anaitia alama, anampa wa tatu, na mnyororo unaendelea.

Mwisho wa siku sanduku linapungukiwa na karatasi moja tu, ingawa kura kumi zimenunuliwa. Kishina kinakata mnyororo huu pale sandukuni, kwa kuwa namba ya karatasi iliyotoka nje hailingani na ile ambayo mpiga kura amepewa sasa hivi.

Ukitaka darasa lilione jambo hili waziwazi, waache wapige kura watano wa majaribio bila vishina huku timu yako yenye kikaratasi cha siri ikijaribu mnyororo, kisha rudieni na vishina.

Tunaanza kuhesabu vipi?

Anzeni na idadi ya karatasi, majina baadaye. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, kwani kila mtu ana hamu ya kujua mshindi. Ikirukwa, hakuna tena njia ya kujua kama sanduku liliingiziwa au kupunguziwa kura, na yeyote atakayelalamika baadaye atakuwa na kisa.

Msimamizi anaandika ubaoni: zilizochapwa, zilizobaki bila kutumika, zilizoharibika na kurudishwa, waliopigiwa mstari kwenye daftari. Zilizochapwa ukitoa zilizobaki na zilizoharibika zinapaswa kulingana na waliopigiwa mstari. Baada ya hapo sanduku linafunguliwa, karatasi zinahesabiwa zikiwa zimelazwa kifudifudi, na idadi inalinganishwa na hiyo.

Ndipo msimamizi anainua kura moja moja, anaionyesha kwa mawakala, anasoma alama kwa sauti na kuiweka kwenye fungu lake. Makarani wawili wanachora vistari vya tano tano, kila mmoja kwenye karatasi yake bila kuangaliana. Wakitofautiana wao kwa wao, au na idadi ya karatasi, msihesabu upya kila kitu. Hesabuni mafungu ya kura yenyewe, kumi kumi. Mara nyingi utakuta kura mbili zilizokunjwa pamoja zimesomwa kama moja, au karani aliyechora kistari cha sita kabla ya kufunga tano.

Hesabu zisipolingana tufanyeje? Tupeni mfano.

Tuseme zilichapwa 60. Wawili hawakufika shuleni, hivyo daftari lina mistari 46. Mmoja alikosea akapewa karatasi nyingine. Zilizobaki mezani ni 13. Kwa hiyo 60 toa 13 toa 1 ni 46, sawa na daftari. Mpaka hapo mambo ni shwari.

Sanduku linafunguliwa, karatasi ni 45. Moja haipo. Majina yanasomwa: Kobe 19, Tausi 17, Nyuki 6, zilizokataliwa 3. Jumla 45. Kobe anaongoza kwa kura mbili, na wengi watasema karatasi moja iliyopotea haina athari.

Sasa wakala wa Tausi anaomba zile tatu zilizokataliwa zitazamwe tena. Ya kwanza ina alama mbili, kwa Kobe na kwa Nyuki. Ya pili ina vema kwa Tausi, lakini chini yake mpiga kura ameandika jina lake. Ya tatu ina vema kubwa juu ya jina la Tausi, nje ya kisanduku. Ya kwanza inabaki imekataliwa kwa kuwa haijulikani mtu alitaka nini. Ya pili pia inabaki, maana inamtambulisha mpiga kura, na ikikubaliwa kila mnunuzi wa kura atadai watu waandike majina. Ya tatu inakubaliwa: kusudio la mpiga kura liko wazi. Tausi anafika 18, zilizokataliwa zinakuwa 2, jumla bado 45.

Tofauti imekuwa kura moja, na karatasi iliyopotea ni moja. Yaani karatasi ambayo dakika tano zilizopita haikuwa na uzito ingeweza kuleta sare. Msimamizi aamue nini? Kanuni tunayoipendekeza ni kwamba karatasi ambayo haikuingia sandukuni si kura, kwa hiyo Kobe ametangazwa mshindi kwa 19 dhidi ya 18, na upungufu wa karatasi moja unaandikwa kwenye fomu ya matokeo kwa maneno na tarakimu. Wakala wa Tausi ana haki ya kuandika pingamizi kwenye fomu hiyohiyo, na hata akikataa kusaini, msimamizi anaandika kuwa amekataa na sababu aliyoitoa. Halafu linganisheni vishina: kishina cha namba isiyopatikana kwenye bahasha ya mlinzi ndicho cha karatasi iliyotoka. Mara nyingi inakutwa ndani ya daftari la mwanafunzi aliyedhani ni ya kubaki nayo.

Mwalimu usitengeneze hesabu ili zifunge. Fomu iliyoandikwa "45 badala ya 46" inaaminika kuliko iliyosawazishwa kwa kufuta.

Ikitokea sare?

Kanuni ya sare iandikwe kipindi cha kwanza, kabla hajajulikana nani atafaidika nayo. Kurudia kura kati ya wawili hao, au bahati nasibu, zote zinakubalika. Kinachokataliwa ni mwalimu kuamua siku hiyo.

Nawaonyeshaje kwamba usiri unabadilisha matokeo?

Mwanzo wa kipindi cha kwanza, kabla hujaeleza chochote, uliza swali la ndiyo au hapana lenye mvuto wa kundi, kwa mfano kama muda wa kujisomea jioni urefushwe. Wapige kura kwa kunyoosha mikono, uandike idadi. Mara moja rudia swali lilelile kwa vikaratasi vya siri. Tarakimu zikitofautiana, waulize tofauti imetoka wapi. Zisipotofautiana, usilazimishe. Waulize ni swali gani lingezitofautisha.

Hapa panafaa historia kidogo. Karatasi ya kura iliyochapwa na serikali na kujazwa faraghani ilianza kutumika katika makoloni ya Australia mwaka 1856, na Uingereza ikapitisha sheria ya kura ya siri mwaka 1872. Kabla ya hapo mpiga kura wa Uingereza alitaja chaguo lake hadharani, mbele ya mwenye shamba au mwajiri wake. Karibu zaidi nasi, mwaka 1988 nchini Kenya wagombea wa chama tawala waliteuliwa kwa kura ya mlolongo, watu wakijipanga nyuma ya mgombea au wakala wake. Waulize wanafunzi: katika mlolongo, hesabu inaonekana na kila mtu, sasa kasoro iko wapi? Wengi watataja hofu. Wachache watagundua kwamba watu wakishatawanyika hakuna cha kuhesabu upya, na jibu hilo ndilo la kulisubiri.

Mwanafunzi asiyeona au asiyeweza kushika kalamu atapigaje kura?

Amchague msaidizi wake mwenyewe, na huyo aahidi mbele ya msimamizi kutotoboa siri. Wakala wa mgombea haruhusiwi kuwa msaidizi. Kwa asiyeona kuna njia bora zaidi: kipande cha kadi ngumu kilichokatwa matundu matatu mahali pa visanduku. Anasomewa mpangilio wa majina, anaweka karatasi chini ya kadi na kutia alama mwenyewe kwenye tundu analotaka.

Nitoe alama za tathmini kwa kitu gani?

Si kwa ushindi. Kila mwanafunzi ajaze fomu ya matokeo kwa tarakimu za ubaoni na aandike aya mbili: moja inayoeleza kama idadi zinalingana, nyingine ikitoa uamuzi kuhusu kura moja yenye utata, pamoja na sababu. Mwanafunzi aliyefikia uamuzi tofauti na wa msimamizi apate alama zote akiutetea kwa kanuni mliyoiandika.

Karatasi zilizopigwa nizifanyie nini?

Zirudishwe ndani ya sanduku pamoja na bahasha za zilizoharibika na vishina, sanduku lifungwe na kusainiwa upya. Lihifadhiwe siku tatu kwa ajili ya malalamiko yaliyoandikwa, kisha yote yachanwe mbele ya mawakala. Usiyaache kwenye kabati la darasa, maana kuna atakayeanza kulinganisha alama za vema.